Wasifu wa fundi usiwe kipande cha siku thelathini

Enzi ya Mwingereza, vijana wengi wa Tabora na Kigoma waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro walipewa kadi iliyoitwa kipande. Mtu akimaliza kazi ya siku, kadi yake ilitiwa alama; alama zikitimia 30, alilipwa. Kipande kilihesabu siku tu. Hakikueleza kama mwenye kadi alijua kuendesha trekta au kutengeneza mashine ya kukamua mkonge, kwa kuwa aliyekitoa alikuwa anahitaji mikono tu.

Ukisoma wasifu wa kazi wa mafundi wengi wa mkoa wa Tabora leo, ule ambao wengi tunauita CV, utakuta kipande kimerudi. “Fundi umeme, uzoefu miaka 8.” “Dereva mzoefu, miaka 12, mwaminifu na mchapakazi.” “Fundi wa kuchomelea, najua kazi zote.” Hizo ni siku zilizohesabiwa. Anayezisoma hajui bado huyu mtu anaruhusiwa kushika nini, ameshika mashine gani, na nani atamthibitisha.

Jambo hili lina uzito zaidi Tabora kwa sasa kuliko ilivyokuwa miaka 10 iliyopita. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji, ndiyo inayofuatwa kwa sehemu kubwa na reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, wa Tabora hadi Isaka Julai 2022, na wa Tabora hadi Kigoma Desemba 2022. Wilayani Nzega, katika kijiji cha Sojo, kilizinduliwa Machi 2024 kiwanda cha kuvisha mabomba ya mradi wa mafuta ghafi kifuniko cha kuhifadhi joto. Miradi ya aina hii huajiri kwa karatasi kwanza, kisha kwa majaribio. Fundi hodari mwenye karatasi mbovu hafiki kwenye majaribio, na hakuna atakayemfuata karakanani kwake kumuuliza.

Msomaji wa wasifu wako anatafuta nini

Mtu wa ajira katika kambi ya ujenzi hupokea bahasha nyingi kwa nafasi chache. Mara nyingi yeye si fundi. Mezani ana orodha aliyopewa na msimamizi wa kazi: madereva wa tipa wenye leseni ya daraja fulani, mafundi umeme wenye leseni ya EWURA, wachomeleaji waliofanya mtihani wa mkao fulani. Anachofanya ni kulinganisha orodha yake na karatasi yako. Asipoliona neno analolitafuta katika nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, anaiweka bahasha yako upande wa pili.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, tenganisha vitu vitatu ambavyo mafundi wengi huvichanganya. Cheti kinasema umefundishwa na umefaulu. Leseni inasema sheria inakuruhusu kufanya kazi hiyo. Idhini ya eneo la kazi inasema mwajiri fulani alikupima na kukuruhusu kugusa mtambo fulani katika eneo lake. Kijana aliyemaliza VETA Tabora ana cheti, lakini huenda hana leseni. Dereva ana leseni, lakini huenda hajawahi kuidhinishwa kuendesha ndani ya eneo la mgodi. Ukivirundika vyote chini ya kichwa cha “elimu”, msomaji hataona ulicho nacho wala unachokikosa.

Mpangilio unaofaa ni huu. Juu kabisa weka jina, simu na makazi. Chini yake mistari miwili ya kueleza wewe ni fundi wa nini na wa kiwango gani. Kisha leseni na vyeti, kila kimoja kikiwa na namba, aliyekitoa, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha. Kisha mitambo uliyoitumia. Kisha kazi ulizofanya, ukianza na ya karibuni. Kisha usalama, na mwisho wadhamini. Elimu ya msingi na sekondari inatosha mstari mmoja karibu na mwisho. Kurasa zisizidi mbili.

Dereva: daraja kwanza, gari baadaye

Leseni ya udereva ya Tanzania ina madaraja, na kila daraja lina mpaka wake. Daraja D ni la magari ya kawaida, si pikipiki, si magari makubwa, si ya abiria. Daraja E linakuruhusu kuendesha magari makubwa ya mizigo, lakini si ya abiria. Magari ya abiria yako kwenye kundi la C: C yenyewe kwa basi la abiria 30 na zaidi, C1 kwa abiria 15 hadi chini ya 30, na mengine madogo chini yake. Mitambo kama fokilifti na eskaveta iko daraja F, na mashine za mashambani na migodini daraja G.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni dereva kuandika “leseni daraja E” kisha chini yake kudai uzoefu wa kuendesha eskaveta na greda. Msomaji makini atauliza mara moja: uliiendesha kwa ruhusa gani? Kama leseni yako ina F pia, iandike. Kama ulikuwa msaidizi wa mwendeshaji ukaruhusiwa kusogeza mtambo ukiwa chini ya usimamizi, sema hivyo hivyo: “msaidizi wa mwendeshaji wa eskaveta”. Ni kweli, na bado ina thamani.

Baada ya daraja, taja gari. Neno “lori” halitoshi. Tipa la ekseli tatu linalobeba kifusi kutoka machimboni si kazi moja na semi inayobeba kontena kutoka Isaka kwenda Rusumo. Andika aina ya gari na modeli, idadi ya ekseli, uzito wa mzigo, gia za mkono au otomatiki, na barabara uliyozoea. Dereva aliyekwisha kupita Tabora, Urambo, Kaliua hadi Uvinza wakati wa masika ana ujuzi ambao dereva wa lami tupu hana, lakini msomaji hataujua usipoandika njia hiyo. Aliyebeba mizigo ya kimataifa aeleze kuwa anazijua taratibu za mizani, pamoja na kikomo cha tani 56 za uzito wote wa gari na mzigo chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tajiri wa malori anajua faini ya kuzidisha uzito inavyouma.

Huu ni mfano wa mstari dhaifu: “2019–2023, dereva wa malori, Tabora.” Na huu ndio mstari huohuo ukiwa umeandikwa vizuri:

“Machi 2019 – Agosti 2023. Dereva wa tipa, kampuni ya ujenzi wa barabara, Tabora na Sikonge. Howo ekseli tatu, gia za mkono, kokoto na kifusi, zamu ya mchana na ya usiku. Nilijaza fomu ya ukaguzi wa gari kila asubuhi kabla ya kuwasha. Msimamizi wangu: mkuu wa usafirishaji wa mradi, simu ipo kwenye orodha ya wadhamini.”

Angalia kilichobadilika. Muda una mwezi, si mwaka peke yake, hivyo mapengo yanaonekana na hayazui shaka. Mashine ina jina. Ukaguzi wa asubuhi umetajwa, na huo ndio utakaojaribiwa nao: msimamizi atakupa funguo na kukutazama kama unazunguka gari kwanza, ukaangalia matairi, oili, maji, breki na taa, au unapanda na kuwasha moja kwa moja.

Dereva wa basi au wa gari la biashara aongeze cheti cha mafunzo ya udereva wa abiria, kama cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), na uthibitisho wa LATRA kama anao. Na kabla ya kupeleka maombi, ingia mwenyewe `tms.tpf.go.tz` uangalie kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Mwajiri anaweza kuangalia hapohapo. Ni bora ukute deni wewe, ulilipe, kuliko alikute yeye.

Fundi umeme: msongo, mota na karatasi ya EWURA

Kwa fundi umeme pengo kati ya cheti na leseni ndilo linalowanyima watu wengi kazi. Cheti cha VETA, kiwe cha ngazi ya I, II au III, kinaonyesha umefika wapi katika mafunzo. Wenye vyeti vya zamani vya majaribio ya ufundi waandike jina lililoko kwenye cheti chenyewe, wasijibadilishie kuwa cha mfumo mpya. Leseni ya kufanya kazi za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, na madaraja yake ni A, B, C, D, W na S. Kila daraja lina mipaka ya msongo na ya aina ya kazi. Nakili daraja kama lilivyo kwenye leseni yako, pamoja na namba na tarehe ya kuisha. Usiandike “nimesajiliwa EWURA” ukaishia hapo. Msomaji hatajua kama unaruhusiwa kufunga umeme wa nyumba ya fezi moja au wa kiwanda.

Kama leseni imeisha, andika imeisha lini na kama maombi ya kuihuisha yamekwisha kupelekwa. Tarehe iliyofichwa huonekana siku ya kukagua nakala halisi, na hapo hutaulizwa tena habari za leseni, utaulizwa habari za uaminifu.

Baada ya leseni, gawa uzoefu kwa msongo na kwa kifaa, si kwa miaka. Mafundi wengi wa Tabora wamejifunzia kwenye wayaringi ya nyumba za Ipuli, Cheyo na Kitete. Hiyo ni kazi halali na iandikwe kwa undani: nyumba za fezi moja, za fezi tatu, usimikaji wa vikata umeme, vifaa vya kukata umeme unapovuja, fito za ardhi, na vipimo ulivyofanya kabla ya kuomba kuunganishwa na TANESCO. Fundi anayeandika “nilipima ukinzani wa kihami cha nyaya kwa mega ya volti 500, nikapima na ardhi, nikajaza fomu ya vipimo” ameonyesha kwa mstari mmoja kwamba haamini nyaya kwa kuzitazama kwa macho tu.

Lakini kambi ya reli haina nyumba nyingi za kufunga taa. Ina mitambo ya kusaga kokoto, mitambo ya kuchanganyia zege, pampu za visima, majenereta na makontena ya ofisi yenye viyoyozi. Kwa hiyo mtu aliyewahi kushika mota aandike ukubwa wake kwa kilowati na namna ilivyowashwa: moja kwa moja, kwa nyota-delta, au kwa kifaa cha kurekebisha kasi. Aliyehudumia jenereta aandike kilovoltiampea zake na kama aliwahi kuunganisha swichi ya kubadilisha kati ya jenereta na umeme wa gridi. Aliyefanya kazi kwenye nguzo aeleze kama ni njia ya volti 400, ya kilovolti 11 au ya kilovolti 33, na kazi aliyoifanya ilikuwa ya kuvuta nyaya, kupanda nguzo, au kuwa msaidizi chini.

Hapa pana kishawishi kikubwa. Reli ya kisasa inatumia umeme wa kilovolti 25 juu ya njia, na mtu anaweza kufikiri kwamba akitaja msongo mkubwa ataonekana mkubwa. Asithubutu. Kwenye msongo huo mtu hufundishwa upya na mwenye mradi, na hakuna anayemtegemea fundi wa mtaani kuujua. Anayeandika asichokijua hugundulika kwa swali moja tu, kwa mfano: eleza hatua kwa hatua unavyohakikisha laini haina umeme kabla ya kuigusa. Mwenye kujua atasema anazima, anafunga swichi kwa kufuli yake na kuweka lebo yenye jina lake, anapima kwa kipimo alichokwisha kukihakikisha kwenye umeme ulio hai, anapima tena kipimo chenyewe, kisha anaunganisha na ardhi. Asiyejua atasema, “Nazima swichi.”

Mchomeleaji: mtihani wenye mkao, unene na tarehe

Nitakaa zaidi kwa mchomeleaji, kwa kuwa ndiye anayepoteza zaidi kwa kuandika kidogo. Tuchukue mfano wa fundi mmoja wa Nzega. Kwa miaka 6 ametengeneza mageti, madirisha na matela ya trekta. Baadaye akawa msaidizi wa wachomeleaji wa mabomba kwenye mradi wa maji, akafanya mtihani mwaka 2020, akachomelea mwenyewe kwa miezi 9. Wasifu wake unasema: “Fundi wa kuchomelea, uzoefu miaka 7, gesi na umeme, najua 6G.”

Sentensi hiyo ina kitu kimoja cha thamani, nacho ni 6G, lakini imekiua. Katika mitihani ya kuchomelea, namba hutaja mkao na herufi G hutaja ungio la kujaza mfereji kati ya vyuma viwili. 3G ni bamba lililosimama wima, 4G ni bamba la juu ya kichwa, 5G ni bomba lililolala bila kuzungushwa, na 6G ni bomba lililoinamishwa nyuzi 45 likakazwa lisigeuke. Chini ya kanuni za ASME, aliyefaulu 6G huhesabiwa amefaulu mikao mingine yote ya mifereji, ndiyo maana wengi huitaja. Lakini 6G bila taarifa nyingine haimwambii mkaguzi chochote. Alitumia njia gani? Chuma gani? Unene gani? Elektrodi gani? Lini? Nani alisaini?

Cheti cha mtihani wa mchomeleaji kinataja hayo yote, kwa hiyo fundi wetu anakichukua na kunakili: njia ni ya elektrodi za fimbo, chuma ni cha kaboni, bomba la inchi 6, unene kama ulivyoandikwa kwenye cheti, mkao 6G, mzizi kwa E6010 na kujaza kwa E7018, kanuni iliyofuatwa, tarehe ya mtihani, matokeo ya picha ya eksirei, jina la kampuni iliyosimamia. Mistari mitano inatosha. Msimamizi wa mabomba akiiona anajua papo hapo anaweza kumweka wapi.

Kinachofuata ni jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya ASME, mchomeleaji akikaa miezi 6 bila kuitumia njia aliyofaulu, sifa yake kwa njia hiyo inaisha mpaka apimwe upya. Kanuni ya ISO 9606-1 nayo inataka mwajiri athibitishe kila miezi 6 kwamba mtu bado anaifanya kazi hiyo. Kwa hiyo cheti cha mwaka 2020 peke yake hakimsaidii fundi wetu. Anahitaji kuonyesha mwendelezo: barua ya mwajiri, daftari la kazi lenye saini ya msimamizi, au fomu ya uthibitisho. Kama hana, aandike kwa uwazi: “Mtihani wa 6G ulifanyika 2020, mwendelezo hadi Juni 2021, niko tayari kupimwa upya.” Mwajiri wa mradi mkubwa atampima upya hata hivyo, na mtu anayejua kwamba lazima apimwe anaonekana ameifahamu kazi.

Kisha rekodi ya maungio. Kwenye kazi ya mabomba kila ungio hupewa namba, na kila mchomeleaji ana alama yake. Wakaguzi hupiga picha, na maungio mabovu hukatwa au kurudiwa. Fundi wetu, kama alihifadhi daftari, anaweza kuandika: “Maungio 120 yaliyopigwa picha, 4 yalirudiwa.” Tarakimu hizi ni za mfano, lakini ndizo zinazomweleza msomaji ubora wa mkono wake. Hata zile 4 zilizorudiwa humsaidia, kwa sababu mkaguzi hamwamini mtu anayedai hajawahi kurudia ungio hata moja.

Na zile kazi za mageti? Asizifute, lakini azipange mahali pake. Zinaonyesha amezoea elektrodi za E6013 za geji 12 na geji 10, mashine za inveta na za transfoma, grainda, na kukata kwa gesi. Mwajiri anayehitaji mtu wa vitegemezi vya mabomba, vizimba vya jenereta au ukarabati wa matela atamwona hapo. Anayehitaji mtu wa bomba atasoma sehemu ya juu. Asichofanya fundi wetu ni kuzijumlisha kazi hizi mbili na kudai miaka 7 ya mabomba.

Wasifu wake mpya, mistari miwili ya juu, utasomeka hivi: “Mchomeleaji wa mabomba ya chuma cha kaboni kwa elektrodi za fimbo, mtihani wa 6G mwaka 2020, mwendelezo hadi Juni 2021, miezi 9 kwenye mabomba ya maji. Kabla ya hapo miaka 6 ya vyuma vya majengo na matela, Nzega.” Ni mfupi kuliko ule wa kwanza kwa majigambo, na mrefu kwa taarifa.

Rekodi ya usalama inaandikwaje

Sentensi ya “sijawahi kupata ajali” imejaa kwenye bahasha, na haina uzito kwa sababu haithibitiki. Rekodi ya usalama ina sehemu tatu zinazothibitika.

Ya kwanza ni mafunzo. Taja kozi, aliyeitoa na tarehe: huduma ya kwanza, kufanya kazi kwenye kimo, kuzima moto, kufunga mashine na kuweka lebo, udereva wa kujihami. Kama mafunzo yalitolewa na OSHA, taja cheti chenyewe. Kama ni kikao cha utambulisho wa usalama cha saa chache ulipoingia kwenye mradi, kiite hivyo, usikipandishe kuwa kozi.

Ya pili ni afya ya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inahusu pia upimaji wa afya za wafanyakazi. Ukiwa na cheti cha kupimwa kabla ya kuanza kazi au wakati wa kuondoka, andika tarehe na kama uliandikwa unafaa kwa kazi. Usiandike magonjwa yako kwenye wasifu. Hayo ni ya daktari.

Ya tatu ni matukio. Taja kipindi na kazi: “Miezi 22 ya kuendesha tipa kwenye mradi, bila tukio lililoandikwa dhidi yangu, barua ya mkuu wa usalama imeambatanishwa.” Sasa sentensi ina mwanzo, mwisho na shahidi. Barua hiyo iombwe siku unapoondoka, kwa kuwa mradi ukifungwa watu husambaa na ofisi hubomolewa. Tabora inajua miradi inavyokuja na kuondoka. Anayesubiri miaka 2 ndipo atafute barua hukuta uzio na majani.

Na kama ajali ilitokea? Usiiandike kwa kirefu kwenye wasifu, lakini usiandike kinyume chake. Tayarisha maelezo mafupi ya mahojiano: nini kilitokea, uchunguzi ulisema nini, nini kilibadilishwa baada ya hapo. Dereva anayeweza kusema “nilirudi nyuma bila mwongozaji nikagonga nguzo, nikapewa onyo, na tangu hapo sirudi nyuma bila mtu wa kunielekeza” huaminika kuliko anayeapa hana doa. Kama alikwisha kuandika kwamba hana doa, maelezo hayo hayatamsaidia tena.

Asiye na cheti afanye nini

Wapo mafundi wazuri mno waliojifunzia gereji na karakanani bila darasa. Wasinunue cheti. Kughushi hati ni jinai, na namba ya cheti huulizwa chuoni kwa simu moja. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa vitendo alichojifunza nje ya mfumo rasmi, akionyesha uwezo hupewa cheti cha kiwango chake. Nenda ofisi ya VETA uulizie fani yako. Ukisubiri, andika ukweli: “Nimejifunzia karakanani, Nzega, 2014–2018; nimeomba kupimwa VETA.” Ambatanisha barua ya mwenye karakana na picha chache safi za kazi yako, kila moja ikiwa na mwaka na mahali.

Kabla ya kufunga bahasha

Linganisha jina lako kwenye kitambulisho cha NIDA, leseni na vyeti. Herufi moja ikitofautiana, tafuta kiapo cha majina kwa wakili mapema, si siku ya usaili. Peleka nakala zilizothibitishwa, kamwe usipeleke leseni halisi kwa mtu anayejiita wakala, na usimlipe mtu yeyote anayekuuzia nafasi. Piga simu kwa kila mdhamini umwombe ruhusa, kwani namba isiyopatikana ni sawa na mdhamini asiyekuwepo. Ukituma kwa barua pepe, unganisha kurasa zote kwenye faili moja na ulipe jina lenye fani yako na jina lako, ili lisipotee kati ya mafaili mengine.

Mwisho, chukua kalamu upite mstari kwa mstari. Kila ulichoandika, jiulize: nitakionyesha kwa karatasi, au nitakifanya mbele ya msimamizi asubuhi ya majaribio? Kisichopita hapo, kifute. Kinachobaki ndicho wasifu wako, na kipeleke hata kama kimejaa ukurasa mmoja tu.